Barua ya Mweka Hazina kwa Wanachama: Kwa Nini Leja na Vitabu Vyenu Havisomi Sawa

Kwa akina mama na dada zangu wa kikundi chetu cha akiba, West Indies, Eldoret.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, nawaandikia kwa sababu mmezijumlisha hesabu nyumbani na mmekuta jambo la kuuliza, nayo ni haki yenu. Vitabu vyote ishirini na viwili, vikihesabiwa mihuri yake, vinatoa shilingi 193,400. Leja inasema michango yenu kwa mikutano kumi na mitano ni shilingi 214,500. Tofauti ni shilingi 21,100, na mgao umekaribia.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo si hisa hata kidogo. Kila mkutano kila mmoja wetu hutoa shilingi 50 za mfuko wa jamii, zile za msiba na ugonjwa. Leja huziandika kwa kuwa ni fedha zilizopokewa. Kitabu hakizipigii mhuri, kwa kuwa mhuri mmoja maana yake ni hisa moja ya shilingi 200, na hisa hurudi kwa mwenyewe siku ya mgao. Fedha za mfuko wa jamii hazirudi kwa aliyezitoa. Watu ishirini na wawili, mikutano kumi na mitano, shilingi hamsini: hizo ni shilingi 16,500. Zikiondolewa, leja inabaki na hisa za shilingi 198,000.

Basi zimesalia 4,600 za kuelezwa, na hapa nawaomba subira, kwani ndipo penye haki ya mtu.

Chukueni mfano wa mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nieleze hesabu yake bila kumtaja jina. Kitabu chake kina mihuri 34, yaani shilingi 6,800. Leja inamwandikia 8,350. Mfuko wa jamii wake ni 750. Zile 800 zilizosalia ni hisa nne alizotuma kwa M-Pesa alipokuwa Mombasa kwenye matanga ya shangazi yake. Fedha ziliingia katika laini ya kikundi, zikaandikwa katika leja kwa tarehe ya ujumbe. Kitabu chake alikuwa nacho safarini, na kanuni yetu hairuhusu mhuri kupigwa ila mkutanoni, kitabu kikiwa mezani. Aliporudi hakuna aliyekumbuka. Mgao hufuata mihuri. Lau tungegawa kama vitabu vilivyo, angepoteza shilingi 800 zake halali, nasi tungezigawana bila kujua.

Nimepitia ujumbe wote wa laini ya kikundi na kukuta hisa 25 za namna hiyo, za wanachama saba. Hizo ni shilingi 5,000. Nanyi mtasema: mbona pengo ni 4,600 tu? Ni kwa sababu kitabu kimoja kina mihuri miwili iliyozidi. Mwenyewe alionyesha ujumbe wa kutuma fedha, mhuri ukapigwa, lakini namba aliyoituma ilikuwa na tarakimu moja iliyokosewa, na kesho yake fedha zikarudishwa kwake. Mia nne hizo ziliyapunguza yale mapungufu, na jumla ikaficha mambo mawili kwa pamoja. Ndiyo maana silinganishi jumla kwa jumla. Nalinganisha kitabu kimoja kimoja, mkutano kwa mkutano.

Kuna kipimo cha tatu kisichotegemea leja wala mhuri, nacho ni fedha zenyewe. Mikopo yetu ni ya qardhi hasan, haina nyongeza, kwa hiyo hisa zote lazima zionekane mahali. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni 141,000. Sandukuni, mbele ya wenye funguo tatu, tulihesabu 32,600. Katika laini ya M-Pesa zimo 24,400, ambazo hazijatolewa kwa wakala, hivyo hazijakatwa ada. Jumla ni 198,000. Mfuko wa jamii una bahasha yake: 6,000 zimetumika kwa misiba miwili, 10,500 zipo.

Mtindo huu wa akiba ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na wanawake wa huko walianza kwa kuzishika hesabu kichwani, kila mmoja akikumbuka ya jirani yake. Sisi tuna simu na wanachama wanaosafiri. Kichwa hakitoshi tena. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Jumamosi hii kila mmoja aje na kitabu chake, awe anadai au hadai. Wale saba waje na ujumbe wao wa M-Pesa kama bado upo. Ukiwa umefutika, wa laini ya kikundi unatosha. Mihuri 25 itapigwa mbele ya wote. Ile miwili itakatwa kwa wino mwekundu na kutiwa sahihi na mwenyewe pamoja na katibu, au mwenyewe alipe 400 mihuri ibaki. Ameshajulishwa na ameridhika. Tangu siku hiyo, mhuri wa fedha za simu utafuata ujumbe uliopokewa katika laini ya kikundi, si ule wa aliyetuma.

Asiyeweza kuja amkabidhi mwenzake kitabu, si fedha tu.

Wassalaamu alaykum,
Mweka Hazina