Mwenzako anachelewesha kazi kila mwezi? Hivi ndivyo unavyoweza kumweleza bosi bila kumchongea

Kazini kuna jambo dogo linalowatesa wengi: kazi yako haianzi mpaka mwenzako amalize ya kwake, na yeye anachelewa. Ukinyamaza, lawama zinakuangukia wewe. Ukisema, unaonekana mchongezi.

Njia ya katikati ipo, ila inahitaji maandalizi kidogo kabla ya kubisha hodi ofisini kwa meneja. Mfano wa idara ya uhasibu unaonyesha vizuri, kwa sababu kule tarehe hazibembelezeki.

Chukua duka kubwa la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Mhasibu ndiye anayeandaa ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo hutakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ili aiandae, anahitaji risiti za EFD za manunuzi yote ya mwezi uliopita. Risiti hizo zinakusanywa na afisa manunuzi. Wawili hao walikubaliana zifike mezani kwa mhasibu tarehe 10, ili zibaki siku kumi za kuingiza, kuhakiki na kurekebisha.

Januari hadi Machi mambo yalikwenda sawa. Kuanzia Aprili, risiti zikaanza kuchelewa.

Kwanza, ni mazoea au ni ajali?

Kuchelewa mara moja si jambo la kupeleka kwa bosi. Watu wanaumwa, wanafiwa, magari yanaharibika. Kinachohitaji kuzungumzwa ni kuchelewa kunakojirudia, tena kazi ileile na mahali palepale.

Kabla ya kumhesabia mwenzake, mhasibu anapaswa kujikagua mwenyewe. Je, tarehe 10 ilikubaliwa wazi, au aliitamka tu wakiwa wanapishana kwenye korido? Je, kuna ujumbe unaoonyesha makubaliano hayo? Je, yeye mwenyewe alituma orodha ya wauzaji kwa wakati? Asipojikagua, swali la kwanza la meneja litambwaga.

Pili, mwenyewe ajue kabla ya bosi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anavumilia miezi mitatu kimya, halafu siku moja anapanda moja kwa moja kwa meneja. Mwenzake anaposhtukia, hata kama kila neno ni la kweli, anaona kapigwa kisu mgongoni.

Mhasibu wa mfano huu alimfuata mwenzake faragha mwezi Juni: “Kaka, risiti za mwezi huu zimefika tarehe 17. Zimeniachia siku tatu tu. Kinakwamisha nini?”

Jibu likafungua mengi. Tangu Aprili, sehemu ya manunuzi inafanywa na tawi la Morogoro. Risiti zake halisi zinakuja Dar na dereva wa kampuni, na dereva haji mpaka gari lijae mzigo. Afisa manunuzi naye amekuwa akisubiri zote zikamilike ndipo azipeleke kwa pamoja.

Kumbe ucheleweshaji ulikuwa na mzizi ambao wawili hao wasingeweza kuukata peke yao. Ratiba ya dereva haiko mikononi mwao. Hiyo ndiyo sababu halali ya kumfikia meneja, na mhasibu akamwambia mwenzake mapema: “Mwezi ujao ikitokea tena, itabidi nimweleze meneja ili atusaidie. Nitakuonyesha nitakachoandika.”

Tatu, andika tarehe, usiandike tabia

Mwezi Julai ikatokea tena. Mhasibu akaandaa kumbukumbu fupi yenye mambo matatu kwa kila mwezi: siku iliyokubaliwa, siku risiti zilipofika, na kilichotokea kwenye kazi.

- Januari hadi Machi: zilifika kufikia tarehe 10 ya mwezi uliofuata, kama ilivyokubaliwa.
- Risiti za Aprili: zilitakiwa 10 Mei, zikafika 13 Mei. Ritani iliwahi. Mhasibu alifanya kazi Jumamosi moja.
- Risiti za Mei: zilitakiwa 10 Juni, zikafika 17 Juni. Ritani ilitumwa jioni ya tarehe 20, bila uhakiki wa pili.
- Risiti za Juni: zilitakiwa 10 Julai, zikafika 22 Julai. Ritani ilikuwa imeshatumwa bila risiti za Morogoro.

Mstari wa mwisho ndio wenye uzito. Manunuzi yale ya Morogoro yalikuwa ya Sh12 milioni kabla ya kodi. VAT yake kwa asilimia 18 ni Sh2,160,000. Kwa kuwa risiti hazikuwepo, kiasi hicho hakikukatwa kwenye kodi ya mwezi ule, na kampuni ikalipa Sh2,160,000 zaidi ya ambazo ingelipa.

Hapa kuna kishawishi. Ni rahisi kuandika kwamba kampuni “imepoteza” zaidi ya milioni mbili. Lakini si kweli, kwa sababu kodi hiyo inaweza kudaiwa kwenye ritani ya mwezi unaofuata. Kilichotokea ni kwamba fedha hizo zilitoka mapema na hazikuwepo kwa matumizi mengine kwa mwezi mzima. Meneja akigundua kwamba hasara imekuzwa, hataamini hata zile tarehe ambazo ni sahihi.

Kumbuka pia kwamba miezi mitatu ya mwanzo imeandikwa. Kuiacha kungemfanya afisa manunuzi aonekane hajawahi kuwahi hata siku moja. Isitoshe, ndiyo inayoonyesha kwamba kuna kitu kilibadilika Aprili.

Na maneno kama “mzembe”, “hajali”, “kila siku yuko hivi” au “anafanya makusudi” hayamo. Hayo ni hukumu, na kila hukumu inaalika ubishi. Tarehe 22 Julai haibishaniwi. Kipimo ni rahisi: mwenzako akiusoma ujumbe huo, ataweza kusema “ni kweli, ndivyo ilivyokuwa”? Kama kuna mstari atakaoupinga, urekebishe au uutoe.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Mameneja wengi hupokea ujumbe wa namna hii na kumtumia mhusika kama ulivyo. Kwa hiyo andika ukijua atausoma.

Nne, peleka faragha na omba kitu mahsusi

Grupu la WhatsApp la ofisi si mahali pake. Wala si vizuri kumnakilisha mkurugenzi kwenye barua pepe ya kwanza. Ujumbe uende kwa meneja wa wote wawili, peke yake. Huyu wa mfano aliandika hivi:

“Habari za kazi, meneja. Naomba dakika kumi na tano wiki hii tuzungumzie ratiba ya risiti za manunuzi. Kwa miezi mitatu sasa zimefika baada ya tarehe 10 tuliyokubaliana, na mwezi huu zilifika ritani ikiwa imeshatumwa. Tarehe zote ziko hapo chini. Nimezungumza na mwenzangu wa manunuzi. Ameniambia risiti za Morogoro zinamsubiri dereva, na anajua kwamba nakuandikia. Naomba uamuzi wako kwa mambo mawili: risiti za Morogoro zifikeje mapema, na nifanye nini zisipofika kabla ya tarehe 15.”

Ujumbe huo hauombi mtu aonywe. Unaomba uamuzi kuhusu kazi. Sababu ya kuchelewa nayo imetajwa kama ilivyoelezwa na mhusika mwenyewe, si kama mhasibu anavyodhani.

Bosi akikutega, jibu vipi?

Ndani ya kikao, meneja anaweza kuuliza moja kwa moja: “Kwa hiyo jamaa ni mvivu?” Swali hili ni mtego hata kama hakukusudia. Jibu linalofaa ni fupi: “Hilo siwezi kulisema, bosi. Ninachokijua ni siku risiti zilipofika.”

Au anaweza kusema: “Nyie watu wazima, malizaneni wenyewe.” Hapo kunung'unika hakusaidii. Afadhali kurudi kwenye ombi: “Tumeshazungumza, lakini ratiba ya gari hatuna mamlaka nayo. Na zisipofika kufikia tarehe 15, nitume ritani bila hizo au nisubiri?” Swali la namna hiyo ni gumu kulikwepa, kwa kuwa jibu lolote ni uamuzi wake.

Mkifikia muafaka, tuma ujumbe mfupi siku ileile wa kile kilichoamuliwa, na mwenzako aupate pia. Kwenye mfano huu, uamuzi ulikuwa na sehemu mbili. Tawi la Morogoro lipige picha kila risiti siku ya manunuzi na kuituma kwa afisa manunuzi, picha ikionyesha namba ya uhakiki, ili mhasibu aanze kuhakiki kwenye mfumo wa TRA huku risiti yenyewe ikifuata na gari. Na tarehe 15 iwe ya kufunga: kilichofika kinaingia, kisichofika kinasubiri ritani ya mwezi unaofuata.

Dalili kwamba mambo yameharibika

Dalili ya kwanza ni mazungumzo kuhama kutoka kwenye risiti kwenda kwa mtu: anavyoingia kazini, anavyoongea, alichofanya mwaka juzi. Ya pili ni wenzako wengine kuanza kukuletea malalamiko yao ili uyapeleke kwa niaba yao. Yakifika hapo, acha kusikiliza ya pembeni na rudi kwenye zile tarehe. Mwenye lake alipeleke mwenyewe.

Pia, njia hii ni ya ucheleweshaji tu. Kama risiti zenyewe zinatia shaka, kwa mfano namba ya uhakiki haisomi au kiasi hakilingani na mzigo uliopokelewa ghala, hilo si suala la kuelewana na mwenzako kwanza. Linakwenda kwa meneja au mkaguzi wa ndani, bila kuchanganywa na habari ya tarehe.

Baada ya uamuzi, kumbukumbu iendelee kwa miezi miwili mitatu kwa mtindo uleule. Risiti za Julai zikifika 9 Agosti, nalo linaandikwa, na meneja anaambiwa kwa uzito uleule alioambiwa zilipochelewa.