Kufasiri Mazungumzo Yaliyochanganya Kiuzbeki na Kirusi: Lipi Lifasiriwe na Lipi Liachwe

Katika mji wa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, ni jambo la kawaida kumsikia mtu akianza sentensi kwa Kiuzbeki, akaikatiza kwa neno la Kirusi, na pengine akaimaliza kwa Kirusi kitupu. Lugha hizi mbili hazina udugu. Kiuzbeki ni lugha ya jamii ya Kituruki: kitenzi chake hukaa mwishoni mwa sentensi na viambishi hufuatana nyuma ya mzizi. Kirusi ni lugha ya Kislavoni, na majina yake hugawanyika katika jinsia. Kilichozikutanisha ni historia. Jeshi la Urusi liliuteka mji wa Tashkent mwaka 1865, na katika enzi ya Umoja wa Kisovieti Kirusi kilikuwa lugha ya jeshi, ya viwanda na ya sehemu kubwa ya elimu ya juu. Sheria ya mwaka 1989 ilikifanya Kiuzbeki kuwa lugha ya taifa, na uhuru ukapatikana mwaka 1991. Lakini sheria haiwezi kuyatoa maneno vinywani mwa watu kwa siku moja.

Mfasiri anayepewa mazungumzo ya aina hii ayatie katika Kiswahili huvutwa upesi na kanuni moja iliyo nyepesi: yaliyo ya Kiuzbeki yafasiriwe, na yaliyo ya Kirusi yaachwe kama yalivyo, ili msomaji aone kwamba lugha zimechanganywa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo ina kasoro. Asili ya neno si kipimo cha kutosha. Linalopasa kuulizwa ni neno hilo, au badiliko hilo la lugha, linafanya kazi gani kati ya wazungumzaji.

Mfano

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini kila umbo lililomo ni la kawaida katika usemi wa mjini. Dada na mdogo wake wa kiume wamo nyumbani pamoja na mama yao mzee, aliyekulia kijijini na anayejua Kirusi kidogo sana. Maneno ya lugha zote mbili yameandikwa kwa herufi za Kilatini.

1. Mdogo: Opa, svet yana o'chdi.
2. Dada: Bilaman. Oyimning davleniyasi yana ko'tarildi. Ertaga analiz topshiradi.
3. Mdogo: Vrachga zvonit qildingizmi?
4. Dada: Qildim. Koroche... nuzhna operatsiya. Tol'ko yey ne govori.
5. Mdogo: Ty uverena?
6. Mama: Kimga operatsiya?
7. Dada: Qo'shniga, oyi.

Kwa ufupi, umeme umekatika, mama ni mgonjwa, na dada amepata habari kutoka kwa daktari ambayo hataki mama aisikie. Habari hiyo anaitoa kwa Kirusi. Hata hivyo mama ananasa neno moja, anauliza, na anajibiwa kwa uongo.

Maneno yaliyokwisha kuwa ya Kiuzbeki

Katika sentensi tatu za kwanza maneno yenye asili ya Kirusi ni matano: svet, davleniya, analiz, vrach na zvonit. Mfasiri anayefuata kanuni ile nyepesi angeyaacha yote, na msomaji wa Kiswahili angedhani kwamba ndugu hawa wanazungumza kwa madoido ya wasomi. Sivyo. Mama mwenyewe, asiyejua Kirusi, husema svet umeme unapokatika, na husema davleniya anapoumwa kichwa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: je, neno hili hutumiwa na mtu asiyejua Kirusi? Likiwa linatumiwa naye, basi limekwisha kuwa la Kiuzbeki, na lifasiriwe kama neno lingine lolote la Kiuzbeki.

Ni vyema kutahadhari hapa. Wengine hupima kwa viambishi, wakisema kwamba neno la Kirusi likipokea kiambishi cha Kiuzbeki limekwisha kuwa la Kiuzbeki. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu Kiuzbeki huweza kukibandika kiambishi chake hata kwenye neno la Kirusi lililotamkwa leo kwa mara ya kwanza. Maana ni shahidi bora kuliko umbo. Neno dom, kwa mfano, katika Kirusi ni nyumba ya namna yoyote. Lakini Muuzbeki wa Tashkent akisema anakaa domda, maana yake ni kwamba anakaa katika jengo la ghorofa, si katika nyumba yenye ua wake. Neno lililobadili maana kiasi hicho limekwisha kuhama. Anayelifasiri kwa kamusi ya Kirusi atakosea, ingawa sauti zake ni za Kirusi.

Kwa bahati Kiswahili kina maneno yenye historia inayofanana na hiyo. Davleniya katika sentensi ya pili ni shinikizo la damu, na ibara hiyo ya kitaalamu ingeweza kutumiwa. Lakini hakuna anayesema hivyo jikoni. Wasemaji wa Kiswahili husema presha imepanda, na Wauzbeki husema davleniya imepanda, kwa kitenzi chenye maana ile ile. Vivyo hivyo svet ni stima kwa msomaji wa Kenya. Kwa msomaji wa mahali pengine, umeme. Mkopo uliozoeleka hufasiriwa vema kwa mkopo uliozoeleka.

Zvonit qilmoq ni kitenzi cha sehemu mbili. Zvonit ni umbo la Kirusi lisilonyambuliwa, lenye maana ya kupiga simu, na qilmoq ni kitenzi cha Kiuzbeki chenye maana ya kufanya. Sehemu ya kwanza hukaa kama jiwe. Nafsi, wakati na swali vyote hubebwa na ya pili. Kwa njia hii Kiuzbeki huweza kuingiza karibu kitenzi chochote cha Kirusi bila kugusa sarufi yake. Muundo huu haupaswi kumshangaza Mswahili, kwani katika kupiga simu nako ni piga inayonyambuliwa, na simu imetulia.

Kirusi kisichoonekana

Kuna mchanganyiko mwingine usiojulikana kwa sauti. Topshirmoq ni kitenzi halisi cha Kiuzbeki, na maana yake ni kukabidhi. Lakini analiz topshirmoq imefuata mfano wa Kirusi, ambapo mgonjwa husemwa kuwa anakabidhi vipimo, yaani anatoa damu au mkojo ukachunguzwe. Mfasiri anayewinda maneno ya Kirusi peke yake atalipita neno hili, kisha ataandika kwamba mama atakabidhi uchunguzi, kana kwamba ni karatasi inayopelekwa ofisini. Dalili ya kosa hili ni sentensi ambayo kila neno lake ni sahihi lakini yote pamoja haisemwi na mtu. Iliyo sawa ni kwamba mama atakwenda kupimwa.

Mahali lugha inapogeuka

Sentensi ya nne ndiyo kiini cha mfano. Koroche ni neno la Kirusi lenye maana ya kwa kifupi, lakini limekuwa kiungo tu cha mazungumzo. Wengi hulitamka kila wanapovuta pumzi. Anayelifasiri kila mara kwa kifupi humfanya msemaji aonekane kama mtu anayetoa muhtasari usiokwisha. Basi hutosha, na mara nyingine huweza kuachwa kabisa. Zaidi ya hayo, mama hashtuki anapolisikia. Mpaka halisi wa lugha uko baada yake.

Nuzhna operatsiya. Tol'ko yey ne govori. Hapa Kirusi si mkopo tena. Ni mlango unaofungwa mbele ya mama. Mfasiri akiandika kwa Kiswahili bila alama yoyote, msomaji atashindwa kuelewa: dada anasema usimwambie, naye mama ameketi pale pale. Akiiacha sentensi nzima kwa Kirusi, msomaji hatajua mama ana ugonjwa wa kiasi gani. Wapo wanaopendekeza njia ya tatu, yaani kuweka Kiingereza mahali pa Kirusi, kwa hoja kwamba uhusiano ni ule ule. Lakini msomaji wa Kenya atasikia shule na ofisi za nchini mwake, na pia ataielewa sentensi kama vile anavyoielewa ya Kiswahili, hata ile hali ya mama kutengwa ipotee. Linalofaa ni kufasiri na kutaja: kuandika maneno kwa Kiswahili na kueleza kwamba yalisemwa kwa Kirusi.

Siri hiyo inavuja kupitia neno operatsiya, kwa sababu ni la lugha zote mbili. Dada analitamka ndani ya Kirusi, na mama analisikia ndani ya Kiuzbeki. Basi mfasiri hana uhuru wa kuchagua kati ya upasuaji na operesheni. Inampasa achukue operesheni, na alirudie neno hilo hilo katika swali la mama, kwani neno hilo ndilo daraja alilopitia. Akiandika upasuaji katika sentensi ya nne na operesheni katika ya sita, daraja limevunjika.

Adabu nayo hugeuka pamoja na lugha. Katika sentensi ya tatu kijana anamheshimu dada yake kwa kiambishi cha wingi, -ngiz, kama desturi ya Kiuzbeki inavyotaka kwa mkubwa. Katika ya tano anamwita ty, yaani wewe wa umoja. Hakuvunja heshima, Kirusi cha nyumbani ndivyo kilivyo. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo katika kitenzi, lakini kina neno dada, ambalo laweza kuongezwa katika sentensi ya tatu na kukosekana katika ya tano.

Tafsiri inayopendekezwa

1. Mdogo: Dada, stima imepotea tena.
2. Dada: Najua. Presha ya mama imepanda tena. Kesho atakwenda kupimwa.
3. Mdogo: Dada, ulimpigia daktari simu?
4. Dada: Nilimpigia. Basi... (kwa Kirusi) inahitajika operesheni. Ila usimwambie.
5. Mdogo (kwa Kirusi): Una hakika?
6. Mama (kwa Kiuzbeki): Operesheni ya nani?
7. Dada (kwa Kiuzbeki): Ya jirani, mama.

Katika tafsiri hii hakuna neno hata moja la Kirusi lililoachwa, na hata hivyo kazi iliyofanywa na Kirusi inaonekana. Tafsiri hii humfaa msomaji anayepaswa kujua yote, kama vile daktari au mtafiti. Lakini kama masimulizi yangewekwa upande wa mama, uamuzi ungegeuka: hapo ingefaa sentensi za nne na za tano ziachwe kwa Kirusi, isipokuwa neno operesheni peke yake, ili msomaji asikie kile tu alichokisikia mama. Kwa hiyo swali la lipi lifasiriwe na lipi liachwe halijibiwi kabla ya kujulikana ni kwa sikio la nani mazungumzo yanasikilizwa.