Hadithi ya Rasimu Zisizotumwa

Hadithi fupi inayosimuliwa kwa rasimu za barua pepe ni mjukuu wa riwaya ya barua. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu riwaya ya aina hiyo kupitia *Barua Ndefu Kama Hii*, tafsiri ya kitabu alichokitoa Mariama Bâ wa Senegali mwaka 1979, ambamo mjane Ramatoulaye, akiwa edani, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mmarekani Saul Bellow alimpa mhusika wake Herzog, mwaka 1964, tabia ya kuwaandikia walio hai na waliokufa barua asizozituma. Rasimu inaongeza jambo moja: mwandikaji hajaamua aseme nini, na msomaji anamkuta akiwa bado anachagua maneno.

Uamuzi wa kuacha kazi unaifaa sana njia hii, kwa sababu mwisho wake ni barua. Tukichukua mfano wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi haipungui siku 28. Mtunzi hapo amekwisha kupewa vitu viwili vya kuchezea: sababu na tarehe.

Tuseme mhusika ni mhasibu wa kampuni ya kusafirisha mizigo jijini Dar es Salaam. Rasimu ya kwanza, ya tarehe 2 Machi, inakwenda kwa meneja:

“YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaacha kazi kwa sababu binafsi. Siku yangu ya mwisho itakuwa 30 Machi.”

Lugha ni ya ofisini, na haisemi kitu. Rasimu ya pili, ya tarehe 5, ina kichwa kilekile lakini sababu imegeuka kuwa masomo. Ya tatu inaandikwa tarehe 9, saa sita usiku, na inavunjika katikati: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bosi, zile vocha za mafuta za Januari nilisaini mimi, na lile lori lilikuwa gereji mwezi mzima.” Chini yake siku ya mwisho bado ni 30 Machi, ingawa siku 28 kuanzia tarehe 9 zinaangukia 6 Aprili. Mhasibu hakosei hesabu ndogo kiasi hicho. Amenakili rasimu ya zamani bila kuitazama, na msomaji makini ataona kwamba safari hii hakukaa chini kutoa notisi. Alikuwa na neno la kusema.

Rasimu ya nne haiendi kwa meneja. Ni ya dada yake, haina kichwa, na yah imetoweka: “Dada, ada ya Juma ya muhula wa pili nimeshailipa, kwa hiyo usimwambie mama lolote kwanza.” Sentensi hiyo moja inaeleza kwa nini mwezi mzima umepita.

Penye kuharibika mara nyingi ni hapo kwenye maelezo. Mtunzi akimfanya mhasibu amwandikie meneja, “Kama unavyojua, mimi ni mhasibu wako kwa miaka sita,” barua inakuwa imeandikiwa msomaji wa hadithi. Meneja anayajua hayo. Yaje kwa mlango mwingine, labda kwa dada asiyeyajua. Kosa la pili ni la kiufundi. Katika huduma nyingi za barua pepe, rasimu ikifunguliwa na kurekebishwa, maneno mapya hufuta ya zamani, na tarehe inayoonekana ni ya mara ya mwisho kuhifadhiwa. Kwa hiyo hadithi yenye rasimu nne za barua moja inataka mhusika awe ameanza upya kila mara na kuziacha zile za nyuma. Kwa nini hakuzifuta? Mtunzi asiyejiuliza swali hilo anaandika barua nne tu, zilizopangwa kwa tarehe.

Ugumu mkubwa uko mwishoni. Barua ikishatumwa huondoka kwenye rasimu, kwa hiyo hadithi inayokaa humo peke yake haiwezi kuionyesha notisi iliyokwenda. Watunzi wengine huvunja kanuni yao na kuibandika barua iliyotumwa, jambo linaloipunguzia hadithi nguvu. Njia bora ni kuiacha notisi isionekane, kisha kuleta rasimu ambayo isingekuwapo bila hiyo. Ya tano, ya tarehe 20 Machi, haina jina la mpokeaji:

“Makabidhiano. Faili la benki lipo droo ya pili. Vocha za mafuta zilinganishwe kwanza na kitabu cha gereji, ndipo zisainiwe.”

Mpokeaji hana jina kwa sababu mhasibu mpya hajapatikana.