Shaba Imepoa, Hesabu Yasema Imepata Joto

Chukua kipande cha shaba cha gramu 100 kilichokaa kwenye maji yanayochemka hadi kikafika nyuzi 100 za Selsiasi. Kitumbukize kwenye gramu 200 za maji ya nyuzi 25, koroga, kisha ungoje kipimajoto kitulie. Kikisimama kwenye nyuzi 28.3, shaba imetoa joto kiasi gani?

Kanuni ni fupi: q = m × c × ΔT. Herufi m ni tungamo, na c ni joto mahususi, yaani joto linalotakiwa kuipandisha gramu moja ya kitu kwa nyuzi moja. Kwa shaba ni juli 0.385, kwa maji ni juli 4.18. Ndiyo sababu shaba imeshuka nyuzi 71.7 ilhali maji yamepanda 3.3 tu.

Wengi hukosea kwenye ΔT. Ni halijoto ya mwisho kutoa ya mwanzo, hata kama ya mwisho ni ndogo. Tangu shule ya msingi tumezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa, basi mkono huandika 100 − 28.3 wenyewe. Sahihi ni 28.3 − 100, yaani −71.7, na q ya shaba ni −2,760: alama ya kutoa inasema joto limeihama shaba. Kwa maji, 200 × 4.18 × 3.3 ni karibu +2,759. Jumlisha majibu hayo mawili. Yakikaribia sifuri, ishara ziko sawa. Yakifika 5,500 hivi, kuna mahali umegeuza utoaji.

Kosa jingine limevaa nguo za usomi. Mtu akishaambiwa kuwa wanasayansi hutumia kelvini, huijumlishia ΔT 273. Hapo −71.7 inakuwa +201.3, na shaba iliyopoa mbele ya macho yake inaonekana imepata joto! Badiliko la nyuzi moja ya Selsiasi ni sawa na badiliko la kelvini moja. Ile 273 hujifuta yenyewe wakati wa kutoa.

Vipimo navyo vina mtego wake. Vitabu vingi huandika joto mahususi la shaba kuwa 385, lakini hiyo ni kwa kilo. Ukiizidisha kwa gramu 100 badala ya kilo 0.1, unapata juli milioni 2.76. Joto hilo lingetosha kuyachemsha maji yale hadi yakauke, zaidi ya mara tano, ilhali kipimajoto kimepanda nyuzi tatu na kitu.

Maabarani, hata hivyo, usitarajie sifuri kamili. Kopo na hewa navyo hunyonya joto kidogo, kwa hiyo joto la maji huwa pungufu kuliko lile lililotoka kwenye shaba. Likizidi, rudi ukague mizani na kipimajoto.