Milimita 13 na nusu inchi

Namba iliyogongwa kwenye spana haielezi unene wa bolti. Inaeleza umbali kati ya mbavu mbili za nati zinazotazamana, yaani upana wa kichwa ambacho spana itakikamata. Spana ya 13 inashika nati yenye upana wa milimita 13 kutoka ubavu hadi ubavu, na bolti inayopita ndani ya nati hiyo kwa kawaida ina unene wa milimita 8. Anayepima unene wa bolti kwa rula kisha akaagiza spana kwa namba hiyo hurudi na kifaa kisichoingia popote.

Vipimo hivyo viko vya aina mbili zilizozoeleka gereji: vya milimita na vya inchi. Magari ya Japani yaliyojaa Afrika Mashariki yanafuata milimita, na sanduku la fundi wa magari hayo hutawaliwa na 10, 12, 14, 17 na 19. Ya Ulaya nayo ni ya milimita, ila bolti ileile ya milimita 8 ambayo kwenye gari la Kijapani huwa na kichwa cha 12, kwenye gari la Kijerumani huwa na kichwa cha 13. Vipimo vya inchi vinakutwa zaidi kwenye mashine za zamani za Kiingereza na Kimarekani. Trekta la Massey Ferguson 135, ambalo bado linalima katika mashamba mengi, lina nati za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na nyinginezo. Zipo pia mashine kongwe zaidi za Kiingereza zinazofuata utaratibu wa Whitworth, ambao chanzo chake ni mwaka 1841. Spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa, kwa hiyo spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa karibu milimita 13.3, mpana kuliko wa spana ya kawaida ya nusu inchi.

Kosa jingine la maandishi linatokea kwenye soketi. Tundu la mraba ambamo racheti huingia hupimwa kwa inchi hata kama soketi zenyewe ni za milimita. Sanduku lililoandikwa 1/2 kwa nje linaweza kuwa na soketi za 10 hadi 32, zote za milimita. Hiyo nusu inchi ni ya mraba wa racheti tu. Kipimo cha nati ni kile kilichogongwa ubavuni mwa kila soketi.

Inchi moja ni milimita 25.4. Nusu inchi ni milimita 12.7, na hapo ndipo tatizo lote linapoanza, kwa sababu 12.7 na 13 zinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu. Tofauti ya sehemu tatu za kumi za milimita haionekani kwa jicho la haraka. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi bila kulazimishwa, inazunguka nayo wakati nati ni nyepesi, na fundi anaamini amepata saizi. Siku nati hiyo ikiwa imeshika kutu ndipo spana inapoteleza na kuchukua kona.

Sababu iko kwenye umbo la nati. Nati ya pembe sita yenye upana wa milimita 13 ubavu kwa ubavu ina karibu milimita 15 kona kwa kona. Ziada hiyo ya milimita mbili ndiyo inayozuia spana isizunguke bure. Mdomo wa spana ukilingana sawasawa na nati, chuma kinagusana karibu mara moja, kwenye sehemu kubwa ya ubavu. Mdomo ukizidi kidogo, spana inalala upande kabla ya kubana, na inapobana inagusa kona tupu. Spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi inacheza zaidi ya nyuzi mbili kabla ya kushika. Spana ya 14 kwenye nati ya 13 inacheza karibu nyuzi tisa. Ikifika milimita 15 na ushee inazunguka nati nzima bila kuitikisa.

Nguvu inayoangukia kona hizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu akivuta kwa uzito wa kilo 20 mwishoni mwa spana ya mdomo wazi yenye urefu wa sentimita 20, nguvu hiyo inaishia kwenye kona mbili tu. Kona ya nati ya 13 inasukumwa kwa mkono mfupi sana, chini ya milimita 4, wakati mkono wa spana ni milimita 200. Ukipiga hesabu, kila kona inabeba zaidi ya kilo 500. Chuma laini cha nati ya kawaida hakivumilii mzigo huo ukiwekwa kwenye ukingo mwembamba. Spana ringi au soketi ya pembe sita inaugawa mzigo uleule kwenye kona sita, kwa hiyo kila moja inabeba takriban theluthi. Hii ndiyo sababu ya kuanza na ringi au soketi kila nati inapokuwa ngumu, na kuuachia mdomo wazi kazi ya kuzungusha nati iliyokwisha kulegea.

Soketi zenyewe ziko za pembe sita na za pembe kumi na mbili. Ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuivisha mahali pafinyu, kwa kuwa inakubali nati kila baada ya nyuzi 30 badala ya 60. Lakini inashika karibu zaidi na kona na kwa eneo dogo. Kwenye nati ya kutu, ya pembe sita ndiyo ya kuchagua. Spana ya kurekebisha, ile inayoitwa spana malaya mitaani, ni ya mwisho katika foleni: taya lake linacheza kwenye skrubu yake, na kila mvuto unaupanua mdomo kidogo. Ikibidi kuitumia, ibanwe hadi isiache nafasi, na ivutwe kuelekea upande wa taya linalosogea, ili mzigo ubebwe na taya lisilosogea.

Si kila jozi ya inchi na milimita ina hatari. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 na ya 3/4 zinabadilishana bila madhara. Vivyo hivyo 8 na 5/16, ambayo ni 7.94, na 27 na inchi moja na 1/16, ambayo ni 26.99. Jozi za kuogopwa ni 13 na 1/2, 14 na 9/16 yenye milimita 14.29, 17 na 11/16 yenye 17.46, na 10 na 3/8 yenye 9.53. Katika kila jozi, spana kubwa kwenye nati ndogo ndiyo inayoharibu. Ndogo kwenye kubwa ama inakataa kuingia, ama inaingia kwa kubana, na kubana si dhambi.

Hapo kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Nati za kiwandani hutengenezwa ndogo kidogo kuliko jina lake, na midomo ya spana mikubwa kidogo, ili viingiliane. Nati ya 13 inaruhusiwa kushuka hadi milimita 12.73. Kwa hiyo soketi ya nusu inchi inaweza kuingia kwenye nati moja ya 13 na kuikataa ya jirani yake, na zote mbili zikawa nzima. Kuingia kwa spana peke yake hakuthibitishi saizi. Kinachothibitisha ni kuitikisa spana kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ikicheza, ijaribiwe inayofuata kwa udogo, ya milimita na ya inchi, hadi ipatikane ndogo kuliko zote zinazoingia mpaka chini.

Chukua trekta la zamani la inchi, lenye kifuniko kinachoshikwa na bolti za 5/16. Bolti hiyo ina unene wa milimita 7.94 na kichwa cha nusu inchi. Miaka imepita, bolti mbili zimepotea, na mtu akaweka za milimita 8 zenye kichwa cha 13. Kifuniko kimoja sasa kina vichwa vya aina mbili. Anayekuja na soketi ya 13 anafungua zile mbili mpya vizuri, kisha anaendelea na hiyohiyo kwenye za zamani na kuzila kona moja baada ya nyingine. Hesi nazo hazilingani. Bolti ya milimita 8 hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko, na ile ya 5/16 yenye hesi pana hupanda karibu 1.41. Zikikutanishwa, huanza kuingia mizunguko michache kwa mkono kisha hukaza. Ugumu huo si wa kutu, na kuongeza nguvu hapo huharibu hesi za ndani, ambazo kuzitengeneza ni kazi kubwa kuliko kubadili nati.

Kazi ya kifuniko hicho ingeanza na brashi ya waya, kwa sababu tope na rangi iliyoganda kichwani huifanya soketi ikae juu juu na kushika ncha za kona tu. Kisha hupakwa mafuta ya kupenya, na kuachwa yafanye kazi. Kwa kutu nzito, kuacha usiku mzima hakupotezi muda. Kila kichwa kinajaribiwa kwa soketi ya 1/2 ya pembe sita kabla ya kugusa ya 13. Soketi inashushwa hadi mwisho, inanyooshwa sawa na bolti, na mkono mmoja unashikilia kichwa cha racheti kisiiname. Mara nyingi kuanza kwa kukaza kidogo sana, kisha kufungua, kunavunja kutu kuliko kufungua moja kwa moja. Bomba la kurefusha mpini lisiwekwe kabla ya kuhakikisha soketi haichezi hata kidogo.

Kona inayoanza kuondoka hujitangaza: spana inaruka kwa mlio mkali, na kwenye kona inabaki alama inayong'aa. Huo ndio wakati wa kusimama. Kichwa cha 13 kilicholika kidogo bado kinaweza kushikwa na soketi ya nusu inchi iliyogongwa juu yake kwa nyundo, kwa sababu ina milimita 12.7 na inachimba chuma kipya. Cha nusu inchi kinaweza kupigwa tupa kwenye mbavu zake hadi kikubali soketi ya 12. Kikishakuwa duara, hubaki soketi za kung'olea zenye meno ya kujipinda ndani, au kuchomelea nati mpya juu yake. Joto la kuchomelea huvunja pia kutu, ingawa halifai karibu na tangi la mafuta wala mipira. Nati yenyewe, kama si bolti, inaweza kupasuliwa kwa tindo kwenye ubavu mmoja. Kilichotolewa kwa njia hizo hakirudishwi. Kipya kinachowekwa kiwe cha hesi ya mashine ile, inchi kwa inchi, ili anayekuja baadaye akute vichwa vya aina moja.