Maziwa Yasiyo na Laktosi Hayamfai Mwenye Mzio

Katika maduka makubwa, kando ya maziwa ya kawaida, huonekana pakiti zilizoandikwa kuwa maziwa yaliyomo hayana laktosi. Wanunuzi wengine huyachukua wakidhani kuwa yanamfaa kila mtu anayedhuriwa na maziwa. Dhana hiyo yaweza kumfikisha hospitalini mtu mwenye mzio wa maziwa, na ndiyo sababu tunaieleza hapa kwa kirefu.

Laktosi ni sukari ya asili ya maziwa. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe huwa na takriban gramu 12 za sukari hiyo. Haiwezi kufyonzwa na mwili mpaka igawanywe kwanza na kimeng'enya cha utumbo mwembamba kiitwacho laktasi. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto, ingawa katika jamii za wafugaji, Wamasai wakiwamo, wengi huendelea kuwa nacho ukubwani. Kwa aliyepungukiwa nacho, laktosi hufika katika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko bakteria huichachusha. Tumbo hujaa gesi, hunguruma, husokota, na pengine mtu huharisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Hali hiyo ni karaha, lakini si hatari kwa maisha. Aidha, hutegemea kiasi: wengi huweza kunywa glasi moja pamoja na chakula bila taabu kubwa.

Mzio ni jambo jingine kabisa. Hapa sukari haihusiki. Kinachohusika ni protini za maziwa, hasa kaseini na zile zinazobaki katika maji ya maziwa yakishaganda. Kinga ya mwili huzichukulia protini hizo kuwa adui na kuzishambulia. Hutokea mara nyingi zaidi kwa watoto wachanga na wadogo, na wengi wao hupona wakuapo. Dalili huweza kuanza baada ya dakika chache tu: mabaka ya kuwasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kikohozi, kupumua kwa mluzi. Kiasi kidogo sana chaweza kutosha kuzianzisha.

Sasa tutazame kilichomo katika pakiti ile. Kiwandani, maziwa ya ng'ombe ya kawaida hutiwa laktasi, nayo huigawa laktosi kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi. Sukari hizo ni tamu kuliko laktosi, hivyo mnywaji hudhani maziwa yametiwa sukari, kumbe sivyo. Katika utengenezaji wa namna hii jumla ya sukari haipungui, na mwenye kisukari asiyahesabu kuwa maziwa yasiyo na sukari. Protini zote zimebaki mle mle.

Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye, kila anywapo uji wa maziwa, hutokwa na mabaka usoni na kutapika kabla ya robo saa kupita. Jirani anamshauri mama anunue maziwa yasiyo na laktosi. Mama akifanya hivyo, mtoto atakuwa amepewa protini zile zile, na mara hii pengine glasi nzima, kwa kuwa mama ameondoa hofu. Kuyachemsha sana hakutamwokoa, maana kaseini huhimili moto. Maziwa ya mbuzi nayo hayafai, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mtoto wa namna hiyo azuiliwe maziwa na apelekwe kwa daktari, ambaye huweza kuagiza kipimo cha ngozi au cha damu. Akianza kupumua kwa shida, kulegea au kuvimba ulimi, ni dharura, na apelekwe hospitali papo hapo. Mbadala wa maziwa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja na asiyenyonya uchaguliwe na daktari; vinywaji vya soya au nazi havitoshi kuwa chakula chake kikuu.

Kwa mtu mzima anayesumbuliwa na gesi na kuharisha tu, bila mabaka wala uvimbe, maziwa yasiyo na laktosi ni chaguo zuri, ingawa si la lazima. Mtindi mara nyingi humkubali vizuri zaidi, kwa sababu bakteria wake husaidia kuigawa laktosi. Anaweza kuacha maziwa kwa wiki mbili, kisha ayarudie na kuona kama dalili zinarudi. Mtu aliyewahi kupata dalili za mzio asijaribu hivyo nyumbani.

Dukani, mwenye mzio asiishie kwenye maandishi makubwa ya mbele ya pakiti. Aigeuze na kusoma orodha ya viambato: yakitajwa maziwa, kaseini au unga wa maji ya maziwa, airudishe rafuni.