Boksi la nafaka kutoka Marekani: mtoto anakula sukari kiasi gani?

Mama mmoja wa Temeke, Dar es Salaam, aliletewa boksi la nafaka za kifungua kinywa na dada yake anayeishi Marekani. Alipiga picha jedwali la virutubisho lililo ubavuni, akamtumia mpwa wake wa kidato cha nne amtafsirie.

"Mama mdogo, ukubwa wa huduma ni kikombe 1, gramu 39," kijana alijibu. "Sukari yote gramu 13, ikiwemo ya kuongezwa gramu 12, asilimia 24."

Hiyo "huduma" ndiyo iliyomchanganya. Maana yake hapa ni kipimo cha mlo mmoja, na namba zote za jedwali ni za kipimo hicho, si za boksi zima. Wala si ushauri wa daktari. Ni kiasi ambacho watu huwa wanakula kwa mara moja. Mama alipopima bakuli la mwanawe, lilibeba vikombe 2. Kwa hiyo sukari ya kuongezwa ni gramu 24, sawa na vijiko 6 vya chai, kwa kuwa kijiko kimoja hubeba gramu 4 hivi. Ile gramu 13 haijumlishwi na 12, kwani 12 imo ndani yake.

Asilimia 24 nayo haimaanishi kwamba karibu robo ya boksi ni sukari. Inapimwa dhidi ya kikomo cha siku nzima, ambacho Marekani wamekiweka gramu 50 za sukari ya kuongezwa, kwa watu wazima na watoto wa kuanzia miaka 4. Mtoto huyu ana miaka 3. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 3 kikomo ni gramu 25 tu, kwa hiyo bakuli lake la asubuhi limefika asilimia 96 kabla hajanywa chai wala juisi.

Jedwali peke yake halitoshi. Picha ya kwanza ilikata maandishi madogo ya chini, yaani orodha ya viambato, ikabidi mama apige nyingine. Viambato hupangwa kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Hapa ulitangulia unga wa mahindi, ikafuata sukari, kisha sirapu ya mahindi, kisha dekstrosi. Hizo tatu zote ni sukari, ila zikigawanywa hivyo kila moja hushuka kwenye orodha. Majina yanayoishia na herufi "ose", kama sukrosi, maltosi na fruktosi, karibu yote ni ya ukoo huo. Asali, molasi na juisi ya miwa iliyokaushwa ni ndugu zao pia, hata kama zinasikika kama chakula cha shambani.

Boksi halikutupwa. Mtoto sasa anapimiwa nusu kikombe, kinachanganywa na ndizi mbivu.